Marejeo Yaliyopoteza Ukurasa wa Mbele

Wanafunzi wa Goma wa miaka ya tisini walikuwa wakifika sekretariati, pale nilipokuwa napiga mashine, wakiwa wamebeba vitabu vyenyewe. Wengine walibeba fishi: vipande vya karatasi nusu, vimefungwa kwa mpira, kila kitabu na fishi yake. Juu ya fishi palikuwa na jina la mwandishi kwa herufi kubwa, chini yake kichwa cha kitabu kimepigiwa mstari, halafu mchapishaji, mji, mwaka, na mwisho namba ya ukurasa ambako maneno yametolewa. Maneno yenyewe yalifuata chini. Fishi iliandikwa siku ile ile ya kusoma, kitabu kikiwa wazi mezani, kwa sababu kesho yake kitabu kingerudi maktaba au kwa mwenyewe, na hakuna aliyejua kitaonekana tena lini.

Kwa hiyo mtu alipofika mwisho wa memwari yake, bibliografia haikuwa kazi. Alipanga fishi kwa alfabeti, akanipa rundo, nami nikapiga. Swali langu lilikuwa moja tu: direkta wako anataka mwaka ukae wapi, mwishoni au baada ya jina? Sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia nimpangie marejeo huku hana cha kupangwa. Ombi la namna hiyo lisingekuwa na maana kwetu sote wawili.

Leo ndilo ombi ninalopokea mara nyingi kuliko yote. Linakuja kwa simu, usiku, kwa heshima zote: «Papa, unipangie bibliografia hii, direkta anataka iwe APA. Naweka travai kesho.» Chini yake kuna orodha. Naweka hapa moja ya orodha hizo kama ilivyokuja, kutoka kwa kijana aliyekuwa anaandika juu ya wakaaji wa Rumangabo na hifadhi:

«Mammifères, Parc Albert.
Flore ya Parc.
Rapport ya ICCN.
Muzee mumoja wa Rumangabo.»

Mistari minne, hakuna mwandishi, hakuna mwaka, hakuna mchapishaji, na hata vichwa vya vitabu havikukamilika. Nilimuuliza vitabu viko wapi. Akajibu kwamba aliviona ku telefoni ya mwenzake, kurasa chache zilizopigwa picha, na mwenzake amekwenda Butembo.

Mimi nina asili ya Rumangabo, kule kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, ukishapita Kibumba na Rugari. Kila anayeandika juu ya nyani, viboko, mipaka ya mashamba au makaa hufika huko siku moja, kwa kuwa makao makuu ya Hifadhi ya Virunga yako huko. Nilipokuwa kijana, jirani yetu mmoja alikuwa karani mstaafu wa hifadhi, na nyumbani kwake alikuwa na vitabu kadhaa vya Wabeljiji, karatasi zake zimegeuka manjano. Huyo muzee hakumruhusu mtu kufungua katikati. Ulianza na ukurasa wa jina, ukausoma kwa sauti, ukageuza ukasoma na mgongo wake, ndipo ukaendelea. Wakati ule nilidhani ni ukali wa uzee. Orodha ya yule kijana ndiyo iliyonionyesha alichokuwa anakijua.

Tuuchukue mstari wa kwanza, «Mammifères, Parc Albert». Hifadhi ilianzishwa 1925 kwa jina la mfalme wa Ubeljiji, na kuanzia 1934 ikasimamiwa na taasisi iliyokuwa na ofisi yake Brussels, Institut des Parcs Nationaux du Congo Belge. Taasisi hiyo ilituma wataalamu kukusanya wanyama, mimea, mawe na maji, kisha ikachapisha matokeo kwa fasikuli, yaani vitabu vilivyotolewa kimoja kimoja chini ya jina moja kubwa: Exploration du Parc National Albert. Chini ya jina hilo kubwa kuna jina la msafara, na msafara huitwa kwa jina la mkuu wake pamoja na miaka yake. Msafara mashuhuri kuliko yote ni ule wa G.F. de Witte, 1933 hadi 1935.

Hapo ndipo mtu asiye na ukurasa wa jina anapopotea. De Witte alikuwa mtaalamu wa vyura na wanyama watambaao, na fasikuli ya 33, Batraciens et Reptiles, ya 1941, aliiandika mwenyewe. Lakini ndege wa msafara wake waliandikwa na H. Schouteden, na wanyama wanyonyeshao wakaandikwa na S. Frechkop, kila mmoja katika fasikuli yake. Jina la de Witte liko kwenye vitabu vyote hivyo, kwa kuwa msafara ni wake. Mwenye kuangalia haraka humfanya yeye kuwa mwandishi wa vyote, na miaka ya msafara akaigeuza kuwa mwaka wa kitabu. Nimewahi kuona kwenye memwari iliyokwisha kutetewa: «DE WITTE, Mammifères, Bruxelles, 1935». Mwandishi si yeye na mwaka si huo. Ukifikiri kidogo utaona pia kwamba haiwezekani: msafara umemalizika 1935, vielelezo vingali vinapelekwa Ubeljiji, na kitabu kikubwa cha wanyama kiwe kimekwisha kuandikwa na kuchapwa mwaka huo huo?

Basi tuseme yule kijana amekumbuka kwamba mwandishi ni Frechkop. Bado hatujafika, kwa sababu Frechkop aliandika Mammifères mbili. Ya kwanza inatoka kwenye vielelezo vya de Witte. Ya pili ilitoka baada ya yeye mwenyewe kuja kwenye hifadhi na msafara wake. Zikipangwa kwa utaratibu wa tanbihi tuliouzoea katika vyuo vyetu, zinakaa hivi:

FRECHKOP, S., Mammifères, Exploration du Parc National Albert, Mission G.F. de Witte (1933-1935), fasc. 10, Institut des Parcs Nationaux du Congo Belge, Bruxelles, 1938.

FRECHKOP, S., Mammifères, Exploration du Parc National Albert, Mission S. Frechkop (1937-1938), fasc. 1, Institut des Parcs Nationaux du Congo Belge, Bruxelles, 1943.

Zitazame polepole. Mwandishi ni yule yule, kichwa ni kile kile, mchapishaji na mji havibadiliki. Kinachozitenganisha ni msafara, namba ya fasikuli na mwaka. Na mwaka wenyewe ni mtego, maana 1938 imo katika zote mbili: kwenye kitabu cha kwanza ni mwaka wa kuchapwa, kwenye cha pili ni mwaka msafara ulipokwisha. Kijana aliponiambia baadaye, kwa furaha, «Papa, nimekumbuka, kulikuwa 1938», ilibidi nimweleze kwamba kumbukumbu hiyo ni ya kweli na haitusaidii. Katika APA, ambako ndani ya matini unaandika jina na mwaka tu, kosa hapo linampeleka msomaji kwenye kitabu kingine kabisa. Atatafuta ukurasa uliotajwa, atakuta mnyama mwingine au ukurasa usiokuwepo, na hatajua kama aliyekosea ni Frechkop au mwanafunzi.

Nilichomwomba ni picha za zile kurasa. Ukurasa wa katikati nao unasema kitu, ila kidogo. Ukingo wake wa juu unaweza kuwa na jina la hifadhi upande mmoja na jina la somo upande wa pili; namba ya ukurasa inakupa mahali pa kulinganisha ukikipata kitabu kizima; na matini yenyewe inaweza kutaja siku ambayo mnyama alipatikana. Kielelezo kilichokusanywa Desemba 1937 hakiwezi kuwa cha msafara uliokwisha 1935, kwa hiyo siku moja ya namna hiyo ingetosha kuamua. Zile picha zilipofika zilikuwa tatu. Hazikuwa na tarehe yoyote ndani yake, na juu ya moja dole gumba la mpiga picha lilifunika ukingo. Kwa ushahidi huo hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuandika 1938 wala 1943.

Mstari wa pili, ule wa «Flore», ulikuwa rahisi zaidi, nao una somo lake. Kitabu cha mimea ya hifadhi kinachojulikana ni cha W. Robyns, Flore des Spermatophytes du Parc National Albert, juzuu tatu, Brussels. Mtu anayekisia miaka kwa mpangilio wa namba ataona ni jambo la wazi kwamba juzuu ya kwanza ilitangulia. Haikutangulia. Juzuu ya pili ilitoka 1947, ya kwanza 1948, na ya tatu 1955. Kwa hiyo ombi lisilosema ni juzuu ipi halijasema mwaka, hata kama tunajua mwandishi, kichwa na mchapishaji. Kijana hakujua juzuu. Alijua jina la mmea, na kwa bahati jina la mmea hapo linatosha: nyasi na jamaa zake ziko kwenye juzuu ya tatu. Mmea wake ulikuwa wa jamii ya nyasi. Huo ndio mstari pekee tulioukamilisha usiku ule.

«Rapport ya ICCN» ndiyo iliyonichosha kuliko yote, kwa kuwa kila mtu anayo na hakuna anayejua ni ipi. Ripoti za ofisi huandikwa nyingi, kila mwaka, kila kituo, kila mradi, na nyingi hazijawahi kuuzwa dukani wala kuwekwa maktaba. Jina la taasisi kwenye jalada husaidia kuweka mipaka. Ukiona Parc National Albert, uko kabla ya 1969, mwaka hifadhi ilipopewa jina la Virunga. Ukiona IZCN, herufi ya Z ni ya Zaïre, basi ripoti iko kati ya 1971 na 1997. Ukiona ICCN, uko upande wa huku wa 1997. Lakini kati ya 1997 na leo kuna miaka mingi, na katika miaka hiyo Rumangabo imetekwa zaidi ya mara moja, watumishi wamekimbia na kurudi, na hesabu ya wanyama wa mwaka mmoja si ya mwaka mwingine. Anayeandika kwamba viboko ni wengi au wachache «kwa mujibu wa ICCN» bila mwaka hajasema lolote ambalo msomaji anaweza kulipima.

Nilipomweleza hivyo akaniuliza kama tunaweza kuandika s.d. tu. Hili swali huulizwa kila mahali siku hizi, nami nalijibu kwa urefu kila mara, kwa sababu herufi hizo zilikuwa na uzito mkubwa zamani. Mwandishi wa fishi aliyeweka s.d. alikuwa anatoa ushahidi: nimekishika kitabu hiki, nimetazama jalada, ukurasa wa jina, mgongo wake na ukurasa wa mwisho ambako wachapaji wengine huweka tarehe, na hakina tarehe. Vivyo hivyo s.l. kwa kitabu kisichotaja mji, na s.n. kwa kisichotaja mchapishaji. Ni maneno juu ya kitabu. Kijana alitaka kuyatumia juu ya nafsi yake, kwa maana ya kwamba yeye hajui. Msomaji hawezi kutofautisha, naye ataamini kwamba ripoti haina tarehe, ataacha kuitafuta ile yenye tarehe ambayo labda iko kabatini mita chache kutoka anapokaa. Kama umekiona kitabu na una sababu ya kukisia mwaka, utaratibu unakuruhusu kuuweka ndani ya mabano ya mraba, na mabano hayo yanamwambia msomaji kwamba mwaka umetoka kwako. Hakuna alama ya kitabu ambacho hukukiona.

Na yule muzee mmoja wa Rumangabo? Kijana alikuwa amekaa naye chini ya mti, akamweleza mashamba ya babu zake yalifika wapi kabla ya mpaka. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa bora kuliko kitu chochote katika travai yake, na alitaka kuyaweka bibliografia, kati ya Robyns na ICCN, kama kitabu. APA haiyaweki huko. Barua, simu na maongezi ambayo msomaji hawezi kuyapata hutajwa ndani ya matini tu, kwa jina na tarehe kamili. Na mtu uliyemhoji kwa ajili ya utafiti wako mwenyewe si marejeo kabisa, anaelezwa katika sura ya mbinu, ambako unasema ulihoji watu gani, wapi, lini. Wakubwa wetu waliotumia tanbihi waliandika «mahojiano na fulani, Rumangabo, tarehe fulani» chini ya ukurasa. Njia zote mbili zinadai tarehe, na kijana hakuiandika. Jina la muzee alilijua, nami nikamwomba asiliweke. Katika eneo ambalo bunduki zimebadilisha mikono 2008, 2012 na tena mwishoni mwa 2022, jina la mtu aliyesema juu ya mipaka ya ardhi si la kuachwa kwenye karatasi inayozunguka. Mwite mhojiwa wa kwanza, weka kijiji na siku. Hapo ndipo palikuwa mahali halali pa kuficha jina katika orodha nzima, na ndipo pekee alipotaka kulitaja.

Siwalaumu vijana hawa kana kwamba ni wavivu. Sisi tulipanda gari asubuhi tukafika Rumangabo mchana, tukashika kitabu. Wao wamesomea katika mji ambao lava ya 2002 ilipita katikati yake, na kwa miaka sasa barabara ya kaskazini inafungwa na kufunguliwa bila kuuliza ratiba ya chuo. Kitabu kinawafikia kwa vipande: picha nne kutoka kwa rafiki, PDF yenye sura moja iliyokatwa kutoka kwenye kitabu kizima. Kuna kitabu kizuri kuhusu hifadhi, Virunga: Survie du premier parc d'Afrique, kilichotoka kwa Lannoo 2006 chini ya usimamizi wa Marc Languy na Emmanuel de Merode. Sura zake zina waandishi wake. Kila ninapoletewa sura iliyokatwa, inakuja na jina la de Merode, hata pale alipoiandika mtu mwingine, maana jina hilo ndilo lililobaki vichwani baada ya ukurasa wa mbele kupotea. Simu imewapa kurasa ambazo sisi tusingeziona kamwe. Kilichoondoka ni ile desturi ya kuandika asili ya ukurasa saa ile ile unapoupokea.

Kinachonihuzunisha zaidi ni upande wa sisi tunaoombwa. Zamani sekretariati haikuwa na la kujaza. Sasa zipo zinazojaza: mwanafunzi analeta maneno mawili, anarudishiwa mstari uliotimia, una jina, mabano, mwaka, Bruxelles, nukta mahali pake. Unapendeza machoni. Direkta mwenye travai ishirini mezani anaona umbo limekaa sawa, anapitisha. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaunakili kutoka kwenye memwari hiyo, na wa tatu anaunakili kutoka kwa wa pili, hadi kitabu kisichowahi kuwepo kinatajwa na watu watatu, na mashahidi watatu katika chuo chetu wanatosha. Ile «DE WITTE, 1935» nimeikuta kwenye travai za watu wasiofahamiana. Unaijua nakala ya namna hiyo kwa makosa yake: koma iliyokosewa mahali pale pale, lafudhi iliyosahauliwa kwenye herufi ile ile.

Kijana wa ile orodha nilimrudishia mstari mmoja kamili, Robyns juzuu ya tatu. Nilimwambia ile Mammifères amwandikie mwenzake wa Butembo aombe picha moja tu, ya ukurasa wa jina. Ripoti aitoe, pamoja na sentensi iliyoitegemea. Muzee amhamishie kwenye sura ya mbinu. Alikasirika kidogo, akasema wenzake walipangiwa vitabu kumi na tano kwa saa moja. Jibu la Butembo lilikuja baada ya travai kuwekwa. Ilikuwa fasikuli ya 1 ya msafara wa Frechkop, kwa hiyo 1943, na ile 1938 aliyoikumbuka ilikuwa mwaka wa mwisho wa msafara.

Ninyi mnaoandika sasa, nawaomba hivi. Mkipewa kitabu au simu yenye kitabu, kabla ya ukurasa mnaoutaka pigeni picha ya ukurasa wa jina na ya mgongo wake, na zile picha ziacheni pamoja na nyingine. Mkitumiwa vipande, muulizeni aliyetuma siku ile ile, angali anakumbuka. Nanyi madirekta, ombeni fishi tano za kwanza kwenye kikao cha kwanza, msisubiri bibliografia ya mwisho. Na kitabu ambacho hakuna aliyekiona ukurasa wake wa mbele kitoeni kwenye orodha.